Friji jipya, saa 6 zimepita na soda bado za vuguvugu. Nirudishe dukani?

BintiSegerea | Ijumaa, saa 4:20 usiku

Wakuu habari za usiku. Leo nimenunua friji Kariakoo, la milango miwili, lita mia mbili na kidogo, jipya kabisa, boksi nimelifungua mwenyewe. Limekuja na kirikuu, wakalilaza kwa ubavu kwa sababu gari lilikuwa na mizigo ya watu wengine. Saa 9 alasiri lilikuwa limeshafika Segerea, saa 10 nikachomeka.

Jumapili mwanangu ana kipaimara, kwa hiyo nikajaza palepale: soda za chupa kreti nzima, maji makubwa ya lita moja na nusu chupa 6, na juu kwenye friza nyama kilo 3.

Sasa hivi soda ni za vuguvugu, nyama imepoa kidogo tu. Mashine inanguruma tangu saa 10, haijapumzika hata dakika. Ubavu wa kulia una moto mpaka mtoto kaugusa akaruka. Swichi ya baridi niliweka 4, saa 2 usiku nikapandisha hadi 7, sijaona tofauti. Mume wangu anasema tumeuziwa kimeo. Dukani walinipa siku 7 za kurudisha. Niamkie Kariakoo kesho au nisubiri?

KijanaMbezi | saa 4:31 usiku

Rudisha dada, usipoteze muda. Langu nilipolichomeka, baada ya saa 3 kioo cha mlangoni kilikuwa kinasoma nyuzi 4. Friji jipya halichukui usiku mzima.

MzeeGongolamboto | saa 4:38 usiku

Kosa ni kulilaza. Friji likilazwa gesi inahama, inaingia sehemu isiyotakiwa. Zima sasa hivi, lisimamishe siku nzima. Likigoma tena ita fundi aongeze gesi, ndiyo dawa yake.

Fundi wa Buguruni | saa 4:52 usiku

Dada, kabla hujasikiliza habari ya kurudisha au ya gesi, nijibu mambo matatu. Chovya kidole kwenye maji kisha ukiguse chini ya friza, kwenye bati lenyewe na siyo kwenye nyama: kinanata? La pili, hiyo mashine inanguruma moja kwa moja, au inasema "tak", inanyamaza, baada ya dakika chache inasema "tak" tena? La tatu, friji limekaa wapi, na kati yake na ukuta unaweza kupitisha ngumi?

BintiSegerea | saa 4:59 usiku

Kidole kimenata kweli, nimeona na ukungu mweupe kwa pembeni. Inanguruma moja kwa moja, sijasikia tak yoyote. Limekaa jikoni, limebanwa kati ya ukuta na meza ya jiko la gesi. Ngumi haipiti, vidole tu.

Fundi wa Buguruni | saa 5:21 usiku

Basi lala usingizi. Kidole kikinata, gesi ipo na kompresa inasukuma. Friji lako ni zima, ila umelipa kazi ya siku mbili ukalitaka lilete majibu jioni hiyohiyo.

Watu wanadhani friji linapoza hewa. Hewa yote iliyomo humo ndani haifiki hata nusu kilo, hiyo inapoa upesi sana. Shida ni vilivyobaki. Hilo friji limeshinda stoo, likapigwa jua juu ya kirikuu, kwa hiyo plastiki ya ndani, vioo vya rafu, droo ya mboga, mpaka sponji iliyo ndani ya kuta, vyote vimeingia kwako na nyuzi 30 na kitu. Kila kimoja lazima kitolewe joto lake. Ndiyo maana hata friji tupu hatukadirii kwa saa 2 au 3. Lipe usiku mzima, na kwa joto la Dar lipe siku nzima kabla ya kulihukumu.

Halafu wewe ukaongeza mzigo. Kreti ni chupa 24 za mililita 350, hiyo ni lita 8 na kidogo. Maji lita 9. Jumla lita 17 za kushusha kutoka nyuzi 31 mpaka 5. Chukua birika la umeme la wati 2000, lile linalochemsha maji ya chai lita moja kwa dakika chache. Kuzipasha hizo lita 17 kwa nyuzi hizohizo 26, birika lingehitaji kama dakika 16. Sasa kompresa yako inavuta kama wati 100 kutoka ukutani, na joto linalotoa ndani ni kama wati 150, hapo nakadiria. Sehemu ya hizo inaliwa na joto linaloingia kupitia kuta na kila unapofungua mlango. Tuseme zimebaki 100 kwa ajili ya vinywaji vyako. Hiyo ni mara 20 chini ya birika: dakika 16 zinageuka saa 5 na zaidi. Na hapo sijahesabu nyama, kuta, wala chupa zenyewe. Kilo 3 za nyama mpaka zigande zinakula karibu nusu ya kazi ya vinywaji vyote, kwa sababu kugandisha kuna gharama yake mbali na kupoza.

Kompresa ya nyumbani imetengenezwa kulinda baridi iliyokwisha kuwepo. Kukimbiza joto la kreti nzima inaweza, lakini taratibu.

Ubavu wa moto ndiyo dalili njema. Friji za siku hizi mabomba ya kutolea joto yamefichwa ndani ya bati la ubavuni, zamani yalikuwa nyuma yanaonekana kama wavu. Joto unaloligusa nje ndilo lililokuwa kwenye soda zako. Siku ya kwanza linakuwa kali kuliko siku nyingine zote. Ila umelibana, na jiko la gesi lipo jirani, kwa hiyo joto halina pa kwenda. Lisogeze, libaki na nafasi ya ngumi kila upande.

Sasa fanya hivi usiku huu. Nyama peleka kwa jirani mwenye friza iliyokwisha ganda, usiiache ilale humo ikiwa vuguvugu. Soda toa zote ubakize 8. Zilizobaki zitenganishe, zisigusane wala zisiegemee ukuta wa nyuma, maana huko nyuma ndiko baridi inakotokea. Swichi irudishe 4. Kisha funga, usifungue mpaka asubuhi.

MzeeGongolamboto | saa 5:30 usiku

Fundi, kwa hiyo 7 haiongezi baridi? Mimi miaka yote friji likichelewa napandisha.

Fundi wa Buguruni | saa 5:37 usiku

Mzee wangu, kwenye friji la swichi ya kuzungusha, ile namba inaiambia kompresa isimame lini. Haiiambii ikimbie. Kama halijafika hata kwenye 4, kuliwekea 7 ni sawa na kumwambia dereva wa daladala aliyekwama kwenye foleni Magomeni kwamba kituo chako ni Kimara badala ya Manzese. Hasara yake utaiona kesho kutwa: umesahau kurudisha, nyanya zimekuwa mawe.

Na la gesi kuhama, uko karibu na ukweli lakini si gesi. Gesi kazi yake ni kuzunguka kutwa kucha, kulazwa hakuidhuru. Kinachohama ni oili ya ndani ya kompresa. Friji likilazwa, oili inatiririka kwenye bomba; ukiwasha mapema kompresa inazunguka kavu, au oili inaziba kile kibomba chembamba kama unywele. Ndiyo maana tunasema lisimame kwanza. Dada hakusubiri vya kutosha, lakini limeshakwenda saa 7 bila kelele za chuma na friza inanata. Kulizima sasa hakurudishi kitu.

Ila tafadhali, neno la kuongeza gesi kwenye friji la siku moja tuliache kabisa. Mengi ya sasa yana R600a, imeandikwa kwenye kibati pale kwenye kompresa. Ni gramu chache, imepimwa kwa mizani kiwandani, na inawaka moto. Fundi akitoboa bomba ili aongeze "kidogo", waranti imekufa siku hiyohiyo.

MamaBarafu | saa 5:48 usiku

Mimi nilivyoambiwa ni saa 24 lisimame. Kitabu cha friza langu kimeandika saa 2. Sasa tumfuate nani?

Fundi wa Buguruni | saa 5:55 usiku

Fuata kitabu cha mashine yako. Mimi lililolazwa safari fupi nalisimamisha saa 4, lililotoka mkoani limelala nalisimamisha mpaka kesho yake. Kuna mafundi wenzangu watanicheka kwa saa 4, na wengine watasema nyingi.

KijanaMbezi | saa 6:03 usiku

Bado sijaelewa mbona langu lilifika 4 kwa saa 3. Na nilijaza vilevile.

Mhasibu_Tegeta | saa 6:10 usiku

Kijana, ile namba mlangoni inaonyesha joto lililopo ndani au ulilolichagua? Kwenye langu ukibonyeza 4 inaandika 4 hapohapo, hata friji likiwa la moto. Nilikuja kugundua nilipoweka kipimajoto.

KijanaMbezi | saa 6:14 usiku

Duh. Ngoja nikaangalie kitabu.

Fundi wa Buguruni | saa 6:20 usiku

Na hata kama ilikuwa ya kweli, lako lina feni ndani inayosambaza baridi, na kama sikosei liko kwenye chumba chenye kiyoyozi. La dada halina feni; baridi inashuka yenyewe kutoka ukuta wa nyuma, friza inatangulia, chini kunafuata kwa mbali. Atakayepima kwa kushika chupa ya rafu ya chini saa 6 baada ya kuwasha, lazima aseme ni bovu.

Dada, ukitaka kipimo cha kweli weka glasi ya maji rafu ya katikati na kipimajoto ndani ya maji. Kile cha kupimia homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35.

BintiSegerea | saa 6:26 usiku

Jirani yangu anaoka keki, ana kile chenye sindano. Nampelekea nyama, narudi nacho. Asanteni, mume wangu kasoma yote, kanyamaza.

Chausiku | Jumamosi, saa 12:15 asubuhi

Jamani hata langu halipoi, lina miaka sita, mlango unatoa jasho na maji yanatuama chini ya droo. Nisubiri saa 24 pia?

Fundi wa Buguruni | saa 12:50 asubuhi

Hapana dada Chausiku, lako ni jambo lingine. Bana noti kwenye mlango uufunge, ukiivuta ikatoka kirahisi ujue mpira umechoka. Na maji ya chini, zibua kile kitundu cha nyuma kwa mrija laini. Fungua uzi wako, tutakuja huko.

BintiSegerea | saa 1:40 asubuhi

Ripoti. Friza imepiga weupe kote, kikombe cha maji nilichoweka kimekuwa jiwe. Maji ya glasi nyuzi 11. Soda ni za baridi ile ya "ya mtungini". Lakini kompresa bado haijazima hata mara moja, sasa ni zaidi ya saa 15. Na usiku lilikuwa linapasuka "kra!", mara sauti kama maji yanamwagika ndani. Harufu ya plastiki ipo nikifungua. Na mlango, nilifungua nikafunga, nilipotaka kufungua tena ukagoma kama kuna mtu ndani anauvuta.

Mhasibu_Tegeta | saa 1:58 asubuhi

Huo wa mlango hata mimi ulinitisha. Ukifungua inaingia hewa ya moto, ukifunga inapoa na kusinyaa, mlango unanyonywa. Subiri dakika moja unaachia wenyewe.

Kuhusu kutozima: langu nililichomeka kwenye kipimio cha umeme. Siku ya kwanza lilikula uniti 2 na ushee. Kuanzia siku ya tatu likawa linakula uniti moja kwa siku, siku za joto kali inazidi kidogo. Kwa hiyo usipige hesabu ya LUKU ya mwezi kwa kutazama siku ya kwanza, utalia bure.

Fundi wa Buguruni | saa 2:30 asubuhi

Sawasawa. Nyuzi 11 asubuhi ya kwanza ni mwendo mzuri. "Kra" ni plastiki inasinyaa kwa baridi, maji yanayomwagika ni gesi inapita kwenye bomba. Harufu itaisha kwa siku kadhaa, futa kwa kitambaa chenye magadi ya kuokea. Ukiona matone ukutani nyuma usishtuke, hilo nalo ni la kawaida kwa friji la aina yako. Yanateremka kwenye kitundu mpaka kwenye kibakuli juu ya kompresa, joto linayakausha.

Kompresa kwenda bila kuzima siku nzima si ugonjwa iwapo ndani panaendelea kushuka. Ugonjwa ni inakwenda, na ndani hapashuki. Tofauti utaijua hivi: gesi ikiwa imevuja, kompresa inanguruma lakini ubavu wa friji unabaki wa baridi tu na friza haigandi, au inaganda kipande kidogo kwenye kona moja pale bomba linapoingilia na kwingine ni pakavu. Na ile "tak" niliyokuuliza jana ni kompresa inajaribu kuwaka inashindwa. Hapo kwanza unatazama umeme mdogo au soketi ya kuungia, ndipo unalaumu mashine. Ukiona moja ya hayo baada ya siku nzima ya friji tupu na mlango kufungwa, mimi mwenyewe nitakwambia panda gari uende Kariakoo.

Tazama pia stika ya ndani, kuna herufi za hali ya hewa.

BintiSegerea | saa 2:41 asubuhi

Imeandikwa ST.

Fundi wa Buguruni | saa 2:45 asubuhi

ST limejengwa kufanya kazi mpaka chumba kifike nyuzi 38. T inafika 43. Lingekuwa N, mwisho wake 32, jikoni kwako mwezi kama huu lingekuwa linahema kila siku.

BintiSegerea | saa 9:05 alasiri

Jamani umeme ulikatika saa 7, umerudi saa 8 na nusu. Friji likawa kimya! Gadi ya friji inawaka taa ya njano tu. Nilitaka nichomoe nichomeke moja kwa moja ukutani, mume wangu akanizuia, mara likaunguruma lenyewe.

MamaBarafu | saa 9:17 alasiri

Mpe shemeji soda. Mimi niliua kompresa ya friza langu la kwanza kwa mchezo huohuo: umeme unarudi, unakatika, mimi nachomoa nachomeka ili barafu zisichelewe, wateja wa Mbagala hawasubiri. Siku ya tatu ikawa "tak, tak" mpaka ikanyamaza moja kwa moja. Fundi akaniambia gesi ilikuwa bado imebana upande mmoja, kompresa haikuweza kuisukuma. Gadi inachelewesha dakika chache ili itulie.

Fundi wa Buguruni | saa 9:40 alasiri

Mama amemaliza. Hukufungua mlango umeme ulipokatika?

BintiSegerea | saa 9:44 alasiri

Mara moja. Kuangalia kama bado kuna baridi.

Fundi wa Buguruni | saa 9:46 alasiri

Ndiyo wanavyofanya wote.

BintiSegerea | saa 2:10 usiku

Nyuzi 7. Nimeongeza chupa 6 za soda ilipofika jioni, nimeziacha mbalimbali. Nyama inabaki kwa jirani mpaka kesho, ndiko imeshakuwa jiwe.

Mhasibu_Tegeta | saa 2:25 usiku

Za kesho zilizobaki usizitegemee kwa friji. Nunua barafu, zitie kwenye beseni na maji. Chupa iliyozama kwenye maji ya barafu inapoa kwa nusu saa au zaidi kidogo. Ndani ya friji hiyohiyo ingechukua masaa.

BintiSegerea | Jumapili, saa 11:20 alfajiri

Fundi amka! Nimeamka kuteleka, jikoni kimya. Halingurumi. Taa ya ndani inawaka. Gadi ina taa ya kijani. Limekufa?

Fundi wa Buguruni | saa 11:48 alfajiri

Soma kipimajoto.

BintiSegerea | saa 11:51 alfajiri

5.

Fundi wa Buguruni | saa 11:53 alfajiri

Limefika, limepumzika. Kaa nalo, litawaka lenyewe.

BintiSegerea | saa 12:09 asubuhi

Limewaka. Nimemwamsha na mume wangu bure.

KijanaMbezi | saa 3:30 asubuhi

Nimesoma kitabu. Ile 4 ni ya kuchagua, siyo ya ndani. Nimeweka glasi sasa hivi, inasoma 9, na friji lina miezi minane. Fundi, hapo nianzie wapi?